Sitini na tatu, thelathini na sita

Hotuba kwa makarani wa kamati na wananchi wanaofuatilia bajeti za wadi, Kisumu

Mabibi na mabwana, hamjambo. Makarani wa kamati, wazee wa mitaa, na akina mama mliopanda matatu ya alfajiri kuja kusikiliza mambo ya hesabu, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nieleze jinsi jedwali la bajeti linavyosomwa, na nitaeleza kwa hadithi fupi. Kaunti ya hadithi hii ni ya kubuni. Iko huku kwetu magharibi, na hesabu zake nimezitunga ziwe nyepesi kwa mtu aliyeketi na kalamu mkononi. Sheria na tarehe nitakazotaja ni za kweli.

Mhusika wetu ni karani wa kamati ya bajeti katika bunge la kaunti. Siyo Karani wa Bunge, yule mkuu anayeketi mbele ya Spika. Huyu ni yule anayeandika kumbukumbu za vikao, anayepanga makabrasha, na anayebaki ofisini jioni wakati waheshimiwa wamekwenda zao. Ni wiki ya tatu ya Mei. Makadirio ya bajeti yaliletwa bungeni na waziri wa fedha wa kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, kama Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inavyotaka, na mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kesho kamati inakutana na idara ya maji. Kazi ya karani jioni hii ni kuandaa muhtasari wa ukurasa mmoja wa idara hiyo, basi. Hakuna aliyemwambia ahakiki hesabu.

Toeni ile karatasi mliyopewa mlangoni. Jedwali lake ndilo lililo mbele ya karani, ukurasa wa 212, fedha za maendeleo za idara ya maji:

| Mstari | Mradi | Shilingi |
|---|---|---|
| 1 | Visima vipya 7 | 63,400,000 |
| 2 | Bomba la maji, kilomita 14 | 41,300,000 |
| 3 | Kulinda chemchemi 62 | 15,500,000 |
| 4 | Pampu za sola | 9,800,000 |
| 5 | Ukarabati wa mitambo ya zamani | 22,600,000 |
| | Jumla | 125,600,000 |

Likitazamwa hivi hivi, halina kasoro. Limepangwa vizuri, koma zimekaa mahali pake, na jumla imekolezwa wino. Karani anajumlisha kwa kuwa ndiyo desturi yake kwa kila jedwali analolinakili. Analinakili kutoka kwenye faili ya PDF, analibandika kwenye Excel, na chini ya safu anaandika:

```
=SUM(D5:D9)
```

Inatoka 89,200,000.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa maana makosa ya kwanza katika hadithi hii si ya Hazina ya Kaunti. Ni ya karani mwenyewe, na yanawapata watu wengi. Namba inayonakiliwa kutoka PDF mara nyingine huja na nafasi tupu mbele au nyuma yake. Jicho haliioni nafasi hiyo, lakini Excel inaiona, na inaichukulia namba nzima kuwa ni maandishi. `SUM` haijumlishi maandishi. Inayaruka kimya kimya bila kutoa onyo. Dalili yake ni kwamba namba halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, na iliyogeuka maandishi hukaa upande wa kushoto. Karani anaitazama safu yake na kuona 63,400,000 imeng'ang'ania ukuta wa kushoto huku wenzake wanne wako kulia. Anaandika `=ISNUMBER(D5)` kupata uhakika, inajibu `FALSE`. Anaifuta namba na kuiandika upya kwa mkono.

Sasa jumla ni 152,600,000. Anachukua kikokotoo cha mezani, anajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, na inatoka ile ile. Jedwali linasema 125,600,000. Kuna milioni 27 zilizo ndani ya mistari na hazimo ndani ya jumla.

Mtu asiyejua kazi angekimbia hapo hapo kumpigia mwenyekiti wa kamati simu: kuna milioni 27 zimefichwa! Karani wetu anachukua kwanza zile milioni 27 na kuzigawa kwa 9. Anapata milioni 3 kamili.

Kwa nini 9? Hili nataka mlielewe vizuri, kwani mkilishika hapa leo hamtalisahau. Chukua 63 na 36. Katika 63, tarakimu 6 imekaa kwenye makumi, kwa hiyo thamani yake ni 60. Ikishushwa kwenye mamoja inabaki 6 tu. Imepoteza 54, yaani 6 mara 9. Ile 3 nayo imepanda kutoka mamoja kwenda makumi. Ilikuwa 3, sasa ni 30. Imepata 27, yaani 3 mara 9. Kila tarakimu inayohama nafasi moja hupata au hupoteza kiasi chake mara 9. Kwa hiyo tarakimu mbili jirani zikibadilishana viti, tofauti inayobaki lazima igawanyike kwa 9. Jaribuni na 52 na 25. Tofauti ni 27. Jaribuni na 81 na 18. Tofauti ni 63, na 63 ni 9 mara 7. Hata bila kikokotoo unaweza kupima: jumlisha tarakimu za tofauti yenyewe. Katika 27,000,000, 2 na 7 ni 9, kwa hiyo inagawanyika.

Jibu la mgawanyo nalo linasema kitu. Milioni 3 inatuambia mambo mawili. Kwanza, tarakimu zilizobadilishana zinapishana kwa 3. Pili, iliyo kulia kati yake imekaa kwenye nafasi ya milioni, na jirani yake kwenye makumi ya milioni. Na kwa kuwa mistari imezidi jumla, namba iliyochapishwa ni kubwa kuliko ile ya kweli, kwa hiyo tarakimu ya kushoto ndiyo kubwa. Karani anajua sasa anachotafuta: mstari ambao makumi ya milioni yamezidi milioni kwa 3.

Anashuka nao. Mstari wa kwanza ni 63: 6 toa 3 ni 3. Huo unafaa. Wa pili ni 41: 4 toa 1 ni 3. Nao unafaa! Wa tatu ni 15, tarakimu ndogo iko kushoto, haufai. Wa nne ni milioni 9, hauna makumi ya milioni. Wa tano ni 22, hazipishani hata kidogo.

Washukiwa ni wawili. Ama visima ni 36,400,000, ama bomba ni 14,300,000. Ukisahihisha mmoja wapo tu, jumla inakuwa 125,600,000 barabara. Hesabu ya kujumlisha haiwezi kukuambia ni yupi. Na hapa ndipo wengi wanaojua kanuni ya 9 wanapoteleza: wakikuta mstari wa kwanza unaofaa, wanafunga daftari.

Kuna na tahadhari nyingine. Sifuri iliyoongezwa pia huacha tofauti inayogawanyika kwa 9. Mtu aliyekusudia milioni 3 akaandika milioni 30 amezidisha milioni 27 zile zile. Karani anatafuta mstari wa milioni 30 na hauoni, kwa hiyo hilo analiweka kando. Na ikumbukwe kuwa tofauti yoyote ile, hata ya bahati tu, ina nafasi moja kati ya tisa ya kugawanyika kwa 9. Kanuni hii inakuonyesha mahali pa kuchimba. Haikupi ushahidi wa kupeleka mbele ya kamati.

Ushahidi anautafuta kwenye karatasi nyingine. Kwanza anafungua jedwali la muhtasari wa idara zote, kurasa za mbele. Idara ya maji, maendeleo: 125,600,000. Anafungua taarifa ya mkakati wa fedha ya kaunti, ile inayoletwa bungeni kabla ya mwisho wa Februari. Kiwango cha juu cha idara: 125,600,000. Inatia moyo, lakini karani hatosheki, na ana haki. Namba iliyonakiliwa mara tatu kutoka chanzo kimoja ni ushahidi mmoja, haiwi mitatu. Zaidi ya hayo, hati hizo zinazungumzia jumla, hazisemi lolote kuhusu kisima wala bomba.

Anachohitaji ni karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine, wakati mwingine, kwa sababu nyingine. Ipo. Ni mpango wa maendeleo wa mwaka, unaotayarishwa kabla ya tarehe 1 Septemba, mapema kuliko makadirio. Katika kiambatisho cha idara ya maji wahandisi wameorodhesha miradi na gharama ya kila kipimo. Kisima kimoja, pamoja na uchunguzi wa maji chini ya ardhi, uchimbaji na pampu: 5,200,000. Kilomita moja ya bomba: 2,950,000.

Pigeni hesabu pamoja nami. 5,200,000 mara visima 7 ni 36,400,000. Na 2,950,000 mara kilomita 14 ni 41,300,000. Bomba limesimama. Visima vimeanguka.

Anafanya na upande wa pili wa jaribio hilo, na naomba mlizoee hata pale ambapo hamna kiambatisho cha mhandisi. Anagawanya 63,400,000 kwa visima 7. Inatoka 9,057,142 na senti zisizokwisha. Watu wanaopanga gharama huanza na bei ya kipimo iliyo kamili, kisha huzidisha. Ukigawanya bajeti ya vitu 7 vinavyofanana ukapata bei yenye mkia mrefu namna hiyo, uliza. Huenda kuna maelezo, pengine visima viwili ni virefu kuliko vingine. Lakini uliza.

Sasa niambieni, milioni 27 hizi zingemuumiza nani? Jumla ya idara ni sahihi, mtu anaweza kusema, basi hakuna fedha iliyopotea. Hapana. Kifungu cha 131 cha sheria ile ile kinasema bunge la kaunti likiongeza matumizi mahali, lazima lipunguze mahali pengine kwa kiasi hicho hicho. Tuseme kamati inagundua wiki ya mwisho ya Juni kwamba mistari na jumla haviendani, hakuna muda wa kuchunguza, na mtu anasema visima viachwe kama vilivyoandikwa kwani wananchi wameshaahidiwa. Milioni 27 zitakatwa wapi? Futa chemchemi zote 62, zile ambazo watu wa vilima vya Vihiga na Kakamega wanazijua, ambapo mama anachota maji kila asubuhi kwenye bomba lililojengewa ukuta. Futa na pampu za sola. Umepata 25,300,000. Bado unadaiwa 1,700,000.

Au tuseme hakuna aliyegundua. Idara inaandika mpango wake wa ununuzi kwa kufuata mstari, siyo jumla. Inatangaza zabuni ya visima ikiamini ina milioni 63. Wanakandarasi wanafanya kazi, wanaleta ankara, na fedha ya idara inakwisha kabla ya orodha kwisha. Mdhibiti wa Bajeti haidhinishi fedha itoke kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti kupita kiasi kilichopitishwa kisheria. Mchimba kisima anageuka kuwa deni lisilolipwa, naye huenda ndiye mwenye mashine moja tu aliyoikopea benki.

Turudi ofisini. Ni saa mbili usiku na karani ana jibu. Je, anaruhusiwa kuchukua kalamu na kusahihisha? Hapana, hata tarakimu moja. Jedwali ni hati ya Hazina ya Kaunti iliyowekwa rasmi mbele ya bunge. Karani akiibadilisha, nakala ya kamati itatofautiana na ya mheshimiwa aliye nayo nyumbani na ya mwananchi aliyeipakua kwenye simu, na kosa la uchapaji litakuwa limegeuka kuwa kosa la kughushi. Anachoweza ni kuandika waraka mfupi kwa mwenyekiti kupitia kwa Karani wa Bunge. Ameuandika hivi:

“Mheshimiwa Mwenyekiti. Ukurasa wa 212, idara ya maji, maendeleo. Mistari 1 hadi 5 inajumlika kuwa 152,600,000. Jumla iliyochapishwa ni 125,600,000. Tofauti ni 27,000,000. Mstari wa 1 (visima 7) umechapishwa 63,400,000. Mpango wa maendeleo wa mwaka una visima 7 kwa 5,200,000 kila kimoja, yaani 36,400,000. Kwa namba hiyo, mistari na jumla vinaoana. Naomba kamati iiombe Hazina ithibitishe kiasi cha mstari wa 1 kwa maandishi kabla ya kikao.”

Tazameni ambacho hakimo. Hakuna neno “wizi”, wala “uzembe”, wala jina la mtu. Hata neno “kosa” halimo. Kuna mahali, namba, tofauti, ushahidi wa pili na ombi moja. Mheshimiwa anaweza kuusoma akiwa kwenye gari, na ofisa wa Hazina anaweza kuujibu bila kwanza kujitetea. Mimi naona waraka wa namna hii una nguvu kuliko kelele za siku nzima kwenye kikao, na nawasihi wananchi mnaokwenda kwenye vikao vya maoni muuige: taja ukurasa, taja mstari, soma namba, kisha uliza.

Asubuhi mwenyekiti anapiga simu Hazina. Mchumi aliyeandaa sehemu ya maji anafungua faili yake ya Excel.

“Mheshimiwa, kwangu hapa visima ni thelathini na sita nukta nne.”

“Na kitabu nilicho nacho mkononi kinasema sitini na tatu.”

Kimya kidogo. “Basi imebadilika wakati wa kuchapa. Tulihamisha majedwali kwa mkono kwenda kwenye kitabu. Niwie radhi, Mheshimiwa. Barua ya masahihisho inakuja kabla ya saa tano.”

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Kwenye Excel jumla ilikuwa fomula, ikawa sahihi. Kwenye kitabu kila kitu kilichapwa upya, mistari na jumla vile vile, na jumla iliyochapwa haijui mistari yake. Mkono ulioandika 36 ukaweka 63. Kama mchumi angekuwa na kisanduku kimoja tu cha kuhakiki kando ya jedwali la mwisho, kingepiga kelele mapema:

```
=D10-SUM(D5:D9)
```

Kisanduku hicho kinatakiwa kionyeshe 0. Hapa kingeonyesha -27000000.

Na kuna njia ya zamani isiyohitaji kompyuta, ambayo ofisi nyingi zimeiacha. Watu wawili wanaketi, mmoja na hati ya asili, mwingine na ile iliyochapwa. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa kidole. Jicho huona 63 na 36 kama ndugu, kwani tarakimu ni zile zile. Sikio halidanganyiki hivyo. “Sitini na tatu” na “thelathini na sita” hazifanani hata silabi ya kwanza. Kurasa 300 husomwa kwa siku mbili au tatu, na wakuu wa ofisi waliopo hapa nawaomba wawape watu wao siku hizo.

Barua ya Hazina inafika saa nne na nusu, na ukurasa mpya wa 212 umeambatanishwa. Karani anaupokea, anaugonga muhuri wa tarehe, anaandika kwenye daftari la hati zilizopokelewa, kisha anajumlisha upya mistari yote mitano, kwa kuwa mkono uliochapa ukurasa wa kwanza ndio uliochapa na wa pili. 36,400,000. 41,300,000. 15,500,000. 9,800,000. 22,600,000. Inatoka 125,600,000.

Anatoa ukurasa wa zamani kwenye kabrasha na kuuweka kwenye faili pamoja na barua, hautupi. Halafu anafungua ukurasa wa 208, ambako idara imeeleza mipango yake kwa maneno, na kidole chake kinashuka aya kwa aya. Aya ya tatu inasema: “Idara itachimba visima 7 kwa gharama ya shilingi milioni 63.4.”

Anavuta karatasi mpya na kuandika juu yake: Mheshimiwa Mwenyekiti. Ukurasa wa 208.